Nimonia ya Nne: Mtoto Anapopona na Kurudi Tena Wodini

Katika kila wodi ya watoto kuna mama ambaye manesi wanamjua kwa jina. Anajua kitanda kipi kiko karibu na oksijeni, anajua daktari anapita saa ngapi, na mtoto wake akiguswa mkono tu kutafutwa mshipa anaanza kulia kabla sindano haijatoka kwenye pakiti. Amelazwa hapo mwaka huu mara mbili, mwaka jana mara mbili. Kila mara alipata dawa, homa ikashuka, akaruhusiwa, na kila karatasi ya ruhusa imeandikwa neno lile lile: nimonia. Ukizisoma karatasi moja moja, hakuna aliyekosea. Kila daktari alitibu ugonjwa aliouona siku ile. Ambacho hakikufanyika ni mtu mmoja kukaa chini na karatasi zote nne kwa pamoja na kuuliza kwa nini zipo nne.

Madaktari wa watoto wana kipimo chao cha kusema sasa imezidi. Nimonia huitwa ya kujirudia mtoto anapougua mara 2 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au mara 3 au zaidi tangu azaliwe, na katikati ya maradhi hayo mapafu yakawa yamesafika. Mafua hayahesabiwi. Mtoto mdogo mwenye afya njema anaweza kushikwa na mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, hasa akianza chekechea au akiishi na ndugu wanaotoka shule na makamasi, na hilo halina la kutafutwa. Nimonia za kweli nne kwa mtoto mmoja zina sababu, na sababu hiyo mara nyingi inaweza kupatikana.

Nimchukue mtoto mmoja wa mfano, ambaye mkasa wake nimeuunganisha kutokana na mambo yanayoonekana kwenye kliniki za kifua za watoto. Ni wa kiume, ana miezi 16. Alilazwa kwa nimonia akiwa na miezi 2, kisha 7, kisha 11, kisha 15. Chanjo zake zimekamilika, na ile ya nimokoka alipata wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kama kadi inavyotaka. Uzito ulipanda vizuri mwanzoni, halafu mstari kwenye kadi ukaanza kulala. Anakaa, anasimama, anaita "baba". Hospitali ya wilaya imempa rufaa, na mama amekuja na mfuko wa nailoni wenye kila kitu.

Swali la kwanza halihitaji mashine yoyote: je, hizo zote zilikuwa nimonia?

Linaweza kuonekana swali la dharau kwa mama aliyekesha wodini, lakini lina msingi. Kwenye zahanati na kituo cha afya, mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta hewa, anatibiwa kama mwenye nimonia. Mwongozo huo umefanywa mpana kwa makusudi, kwa kuwa ni heri watoto kumi wapewe amoksilini bila kuihitaji kuliko mmoja aliyeihitaji akafia njiani. Gharama yake ni kwamba neno "nimonia" kwenye kadi linabeba pia watoto ambao kifua kilibanwa na pumu, au mkamba wa virusi. Mtoto wa namna hiyo kifua chake hulia mluzi, anakohoa zaidi usiku, ndugu au wazazi wana pumu au ukurutu, na akivutishwa salbutamoli anapata nafuu dakika ile ile, si baada ya siku tatu za sindano. Kwa uzoefu wa wengi wanaoendesha kliniki hizi, hili ndilo jibu linalopatikana mara nyingi kuliko yote, na ndilo linalosahaulika kuliko yote, kwa sababu wazazi wengi hawapendi kusikia pumu na baadhi ya madaktari hawapendi kuitamka.

Kuna wengine wawili wanaojificha nyuma ya neno hilo. Mmoja ni moyo wenye tundu, unaosukuma damu nyingi kupita kiasi kwenda kwenye mapafu. Mtoto huyo hutoka jasho akinyonya, anaacha titi ili ahemee, na uzito haupandi. Mwingine ni selimundu, ambayo huleta maumivu ya kifua, homa na kivuli kwenye picha, mtu akadhani ni nimonia ya kawaida. Kwa watu wetu wa ukanda wa ziwa na pwani, kutompima selimundu mtoto anayerudi wodini kila mara hakuna udhuru.

Mtoto wetu hana mluzi, moyo wake unasikika sawasawa, kipimo cha selimundu kimerudi salama. Mara zote nne alikuwa na homa kali, na picha za kifua tatu kati ya nne zimepatikana ndani ya ule mfuko. Zina weupe usio na ubishi. Kwa hiyo ni nimonia kweli.

Hapo daktari anafanya kitu kinachochukua dakika tano na chenye thamani kuliko vipimo vingi vya damu. Anazipanga picha kwenye taa kwa tarehe zake, ya zamani kushoto, mpya kulia, na kutazama weupe ulikaa wapi kila safari. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Je, ugonjwa unarudi kwenye sehemu ile ile, au unahamahama?

Ukirudi pale pale, fikra ya kwanza ni kwamba bomba la hewa linaloingia sehemu hiyo limeziba au limebanwa. Ute hautoki, na kama mtaro ulioziba, kinachosimama humo huoza. Tezi za kifua kikuu zinaweza kuvimba na kulibana bomba kwa nje. Ndiyo maana mtoto huyo hutafutiwa kifua kikuu kwa bidii, hata kwa kupima choo chake kwa mashine inayotambua vinasaba vya bakteria, maana mtoto mdogo hatemi makohozi, huyameza. Wengine wamezaliwa na kipande cha pafu kisichoumbika vizuri. Lakini kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, kitu cha kuulizia kabla ya vyote ni karanga.

Mkasa wake unafanana nyumba hadi nyumba. Mtoto anakimbia na karanga mdomoni, au punje ya hindi, au mdomo wa filimbi ya plastiki. Anapaliwa, anakohoa mpaka macho yanatoka, pengine midomo inabadilika rangi, kisha ghafla ananyamaza na kuendelea kucheza. Watu wanasema imeshuka. Imeshuka kweli, lakini upande usio wake, mara nyingi kwenye bomba la pafu la kulia ambalo ni pana na limenyooka zaidi. Karanga haionekani kwenye eksirei. Mafuta yake huunguza utando wa bomba, unavimba, na baada ya siku au wiki homa inaanza. Dawa za kuua bakteria zinamtuliza, akiziacha homa inarudi, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka ile siku ya kupaliwa. Daktari anayeshuku husikiliza kama upande mmoja unapitisha hewa kidogo kuliko mwingine, na anaweza kuomba picha ipigwe mtoto anapotoa pumzi: upande wenye kizuizi hubaki umejaa hewa wakati mwingine umesinyaa. Hata picha ikiwa safi, mtoto aliyepaliwa namna hiyo na kifua hakijatulia anastahili kuingizwa kamera kwenye njia ya hewa, akiwa usingizini kwa dawa, na kitu kikitoka ugonjwa umeisha siku hiyo hiyo.

Picha za mtoto wetu zinasema vingine. Ya kwanza ina weupe juu kulia. Ya pili, chini kushoto. Ya tatu, juu kulia tena na nyuma chini pande zote mbili. Bomba moja haliwezi kufanya hivyo. Kinachoharibu mapafu yake kinafika kila mahali, na hapo njia zinabaki tatu: VVU, upungufu mwingine wa kinga, au kitu kinachoingia kifuani ambacho hakikupaswa kuingia.

VVU hupimwa kwanza, hata kama haielekei kuwa ndiyo sababu. Kipimo ni cha bei ndogo, kinapatikana hadi zahanati, na tiba ipo. Mtoto aliyeambukizwa asipotibiwa ana uwezekano wa kama nusu kwa nusu wa kufariki kabla ya miaka 2. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Mama, wewe ulishapima?"

"Nilipima kliniki nikiwa na mimba yake, dokta. Majibu yalikuwa mazuri, yameandikwa humo."

"Ilikuwa miezi mingapi?"

"Mitatu hivi. Na nikarudia karibu na kujifungua."

"Na tangu ujifungue?"

Hapo kimya. Tangu ajifungue hajapima, na mtoto bado ananyonya. Huu ndio mwanya ambao watoto wengi hupita. Mama aliyeambukizwa akiwa ananyonyesha huwa na virusi vingi sana kwenye damu na maziwa katika wiki zile za mwanzo, na kadi yake inaendelea kusema yuko salama. Daktari au nesi anayesoma kadi bila kuuliza tarehe anasoma habari ya mwaka juzi.

Kipimo cha mtoto nacho kina mtego wake. Kipimo cha haraka cha tone la damu hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari wa damu wanaotengenezwa dhidi ya kirusi. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama, na zinaweza kubaki hadi miezi 18. Kwa hiyo mtoto wa chini ya umri huo akisoma chanya, kipimo hicho kimethibitisha kwamba mama ana maambukizi, lakini cha mtoto bado hakijajulikana. Anahitaji kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, kwa damu inayotolewa kisigino au kidole, ikadondoshwa kwenye karatasi maalumu, ikakaushwa na kupelekwa maabara. Wazazi wamewahi kuishi miezi mingi na huzuni isiyo ya lazima kwa kutoelezwa hivyo, na wengine wamekaa na faraja isiyo ya kweli kwa sababu mtoto alipimwa mara moja wiki ya 6, akawa salama, akaendelea kunyonya na hakupimwa tena.

Kwa mtoto mchanga mwenye VVU kuna nimonia moja ya kuogopwa kuliko nyingine. Huja zaidi akiwa na miezi 3 hadi 6, mtoto anahema sana, oksijeni iko chini kabisa, na ukiweka kipima kifua husikii kitu kikubwa. Husababishwa na kuvu anayeitwa nimosistisi, na amoksilini haimgusi. Huyu ndiye sababu mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huanzishiwa septrini wiki ya 6 hata kama anaonekana mzima kabisa. Mama anayeambiwa aendelee kumpa septrini asione ni usumbufu, na nesi anayempa amweleze inazuia nini.

Mama wa mtoto wetu amepima siku hiyo hiyo. Hana maambukizi. Mtoto naye amesoma hasi. Daktari ameuliza kama kuna sababu ya kudhani mama amekuwa hatarini wiki chache zilizopita, kwa sababu kipimo kinaweza kuchelewa kuona maambukizi mapya, mama amesema hapana, na VVU imewekwa kando.

Kuhusu kinga ya kuzaliwa nayo, historia ina mtoto wake maarufu. Mwaka 1952 daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, aliandika habari za mvulana wa miaka 8 katika hospitali ya Walter Reed aliyekuwa akipatwa mara kwa mara na maambukizi makali ya nimokoka. Bruton alichunguza damu yake akakuta lile fungu la protini lenye kingamwili halipo kabisa. Akamchoma kingamwili zilizochujwa kutoka damu za watu wengine, na maradhi yakakoma. Kasoro yenyewe kwenye vinasaba ilitambuliwa mwaka 1993. Hurithiwa kupitia kwa mama na huwapata wavulana. Huanza kuonekana baada ya miezi 6, pale kingamwili za mama zinapokwisha, na ukimfungua mdomo hukuti mafindofindo, kwa sababu chembe zinazoyajenga ndizo hizo alizozikosa.

Je, mtoto wetu ni wa kundi hili? Daktari hakimbilii maabara. Anauliza kuhusu sehemu nyingine za mwili, kwa kuwa kinga ikipungua haichagui kifua. Masikio yametoka usaha? Ana majipu yasiyokwisha? Utando mweupe mdomoni uliendelea baada ya miezi ya mwanzo? Anaharisha wiki kwa wiki? Kovu la chanjo ya kifua kikuu begani lilipona vizuri, au lilitoa kidonda na tezi kubwa kwapani? Kuna mjomba wa upande wa mama aliyefariki utotoni? Majibu yote ni hapana. Mtoto anayeugua kifua peke yake, tena nimonia tu, anaelekeza macho kwenye mabomba zaidi ya kwenye damu.

Hata hivyo vipimo viwili vinachukuliwa. Cha kwanza ni picha kamili ya damu, ambayo kila hospitali ya wilaya inaifanya na wachache wanaisoma hadi mwisho. Watu hutazama wekundu wa damu na jumla ya chembe nyeupe, wakaacha idadi ya limfosaiti. Kwa mtoto mchanga, limfosaiti chini ya 3,000 kwa kila maikrolita ni kengele, hata kama jumla inaonekana nzuri. Cha pili ni kiwango cha kingamwili zenyewe, kinachofanyika kwenye maabara kubwa chache. Hapa pana kosa la kila siku: karatasi ya majibu mara nyingi huchapwa viwango vya watu wazima, na kingamwili za mtoto wa mwaka mmoja kwa kawaida ziko chini sana kuliko za mtu mzima. Mtoto mzima kabisa anaweza kuonekana ana upungufu kwa sababu ya safu moja ya namba iliyowekwa bila kuangalia umri. Jambo hilo si dogo, kwa kuwa tiba ya upungufu wa kweli ni dripu ya kingamwili kila baada ya wiki 3 au 4, maisha yote, kwa bei ambayo familia nyingi haziwezi kuimudu bila msaada.

Majibu ya mtoto wetu, yakilinganishwa na umri wake, ni ya kawaida.

Jibu lilitoka kwa bibi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na kikombe. "Huyu toka mchanga hapatani na maji," alisema. "Ugali anakula, uji mzito anakula. Mpe maji, utaona."

Hakuna aliyemuuliza kabla ya hapo. Kwenye historia ya mtoto imeandikwa "anakula vizuri", na ni kweli anakula vizuri. Alipopewa maji, fundo la pili lilimfanya akohoe kikohozi cha majimaji, macho yakajaa machozi, akanyamaza, akataka tena, akakohoa tena. Mama akaongeza kwamba ndivyo alivyokuwa akinyonya tangu wiki ya kwanza, na kwamba tumbo lake hujaa gesi anapolia. Walishampeleka kwa mtu akatwe kimeo, wakiamini ndicho kinachomkohoza. Nitasema hapa lisilopendwa na baadhi ya wazee wetu: kukata kimeo hakujawahi kutibu kikohozi cha kifuani, na watoto hufikishwa hospitali wakivuja damu au wakiwa na maambukizi kwa ajili yake.

Mtoto anaweza kuingiza chakula kwenye njia ya hewa kwa sababu nyingi. Mwenye mtindio wa ubongo hushindwa kuratibu kumeza, na mapafu yake huharibika polepole bila hata kukohoa, kwa sababu mwitiko wa kukohoa nao umefifia. Mwingine hucheua, yaliyo tumboni yakapanda hadi koo usiku. Wengine tunawaingizia wenyewe. Uji wa kulazimisha, mtoto amelazwa chali mapajani, pua imebanwa ili afungue mdomo, huishia kifuani kama unavyoishia tumboni. Samli au mafuta yanayotiwa puani kwa mtoto mwenye mafua hayachokozi kikohozi, hivyo huteleza kimya hadi ndani ya pafu na kukaa huko. Kwa mtoto anayelishwa amelala, kinachoingia huelekea sehemu ya juu kulia na sehemu za nyuma za chini, na hizo ndizo zilizokuwa nyeupe kwenye picha za mtoto wetu.

Lakini yeye hana mtindio, halazimishwi, na anameza vitu vizito bila shida. Kukohoa kwa vimiminika tangu kuzaliwa, gesi tumboni na nimonia zinazohamahama ni mambo matatu ambayo yakikutana humfanya daktari afikirie njia ndogo iliyobaki wazi tangu tumboni mwa mama, inayounganisha umio na bomba la hewa. Mabomba mawili yaliyosimama sambamba na kijia katikati hufanya umbo la herufi H, na ndivyo inavyoitwa, ingawa kijia chenyewe huwa kimeinama kikianzia juu kwenye bomba la hewa. Ni nadra. Aina nyingine za kasoro hii huziba umio kabisa na hugunduliwa siku ya kwanza, kwa kuwa mtoto hawezi hata kumeza mate. Hii inamruhusu anyonye, akue, na adanganye watu kwa miezi au miaka.

Kipimo cha kwanza kilisema hakuna kitu. Alinyweshwa dawa nyeupe inayoonekana kwenye eksirei, picha zikapigwa, umio ukaonekana mzima. Hapa ndipo familia nyingi huambiwa zirudi nyumbani. Kijia cha namna hii ni chembamba, kinaweza kufungwa na utando wake chenyewe, na dawa ikipita haraka haiingii. Kipimo kinachofaa hufanywa kwa namna yake: mtoto analazwa kifudifudi, mpira mwembamba unaingizwa puani hadi chini ya umio, na dawa inasukumwa kidogo kidogo huku mpira ukivutwa juu taratibu na mashine ikirekodi muda wote. Mara ya pili ilifanywa hivyo. Karibu na usawa wa shingo uzi mweupe ulichomoka kwenye umio na kuchora bomba la hewa. Kamera ikathibitisha tundu nyuma ya bomba hilo.

Kazi hii haipatikani kila mkoa. Inataka mtaalamu wa picha anayejua anachotafuta, kamera ya saizi ya mtoto, mtoa usingizi aliyezoea watoto wadogo na daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, na hao wako kwenye hospitali za rufaa za ngazi ya juu. Ndiyo maana barua ya rufaa ikiandikwa "nimonia" peke yake humtuma mtoto kwenye foleni isiyo yake. Barua ikieleza kwamba hukohoa kila anapokunywa tangu kuzaliwa, imeshafanya nusu ya kazi.

Upasuaji ulifanyika kupitia shingoni, bila kufungua kifua. Kijia kilikatwa, kila upande ukashonwa. Hatari inayozungumzwa na wazazi kabla ni mshipa wa fahamu wa sauti, unaopita jirani kabisa na pale: ukiguswa, mtoto anaweza kubaki na sauti ya kukwaruza kwa muda, na wachache kwa kudumu. Huyu sauti yake ilikuwa hafifu kwa wiki chache kisha ikarudi. Alikunywa maji bila kukohoa.

Picha yake ya mwisho ilipigwa wiki 8 baadaye, na muda huo una sababu. Weupe wa nimonia huchelewa kuondoka hata mtoto akiwa anacheza, kwa hiyo picha ya wiki ya pili haina la kukuambia. Ya wiki 6 hadi 8 ndiyo inayosema kama pafu limesafika, au kuna sehemu iliyobaki imeharibika na mabomba yake yametanuka, hali ambayo mara nyingi hairudi nyuma na humfanya mtoto akohoe makohozi kwa muda mrefu. Ni kipimo rahisi kuliko vyote nilivyovitaja, na ndicho kinachorukwa zaidi, kwa sababu mtoto aliyepona nani atamlipia nauli kumrudisha hospitali?

Mtoto wako akilazwa kwa nimonia mara ya pili, omba tarehe ya picha hiyo kabla hujaruhusiwa. Mama unayenyonyesha, pima VVU tena hata kama kadi inasema uko salama, na baba naye apime. Na kama mtoto hukohoa akinywa, mrekodi kwa simu, dakika moja inatosha, umwoneshe daktari kabla hajaandika kwamba anakula vizuri.